Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Bosi akikushika bila wewe kutaka, wazo la kwanza kwa wengi wetu si kushtaki. Ni kuondoka. Nilikuwa karani kwenye kampuni binafsi hapa Dodoma, na meneja wangu alizoea kusimama nyuma ya kiti changu, mkono begani, halafu mkono unashuka. Usiku zinafuata meseji za wasapu. Siku aliponifuata stoo na kufunga mlango, niliganda. Sikupiga kelele wala sikumsukuma, mpaka mtu alipogonga akitafuta karatasi.

Kuganda kule kulinitesa kuliko mikono yake. Mbona sikupiga kelele? Nilijiuliza nikiosha vyombo, nikajiuliza kwenye daladala ya Nkuhungu, nikajiuliza saa nane za usiku. Aliyenitoa hapo ni mshauri wa hospitali ya afya ya akili ya Mirembe. Ndiyo, Mirembe. Najua Dodoma ukilitaja jina hilo watu wanakupima kwa macho, lakini wapo wanaohudhuria kliniki na kurudi zao nyumbani kupika. Aliniambia mwili ukihisi hatari hupigana, hukimbia au huganda, na haukungoji wewe uamue. Usingizi haukurudi siku hiyo. Ila lile swali lilianza kupungua makali.

Alinipa pia kazi: niandike yote mara moja, tarehe, saa, mahali, maneno yake kama alivyoyasema, nani alikuwa karibu, nilimwambia nani baadaye. Halafu nifunge daftari. Kichwa kikianza usiku, nikikumbushe kwamba imeshaandikwa. Ilikuwa dawa, lakini daftari hilo hilo ndilo lililokuja kunibeba kwenye malalamiko.

Shangazi yangu, aliyewahi kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, ndiye aliyenizuia kuacha kazi kwa hasira. "Lia utakavyo, mwanangu, lakini usiandike 'sababu binafsi'." Barua ya namna hiyo inasomeka kwamba umeondoka kwa hiari yako, na ukienda baadaye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, mwajiri ataitoa mfukoni. Kanuni za ajira za 2007 zinautaja unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kukulinda nao, kama sababu inayoweza kuufanya uachaji wako uhesabike kuwa wa kulazimishwa, sawa na kuachishwa. Lakini utaulizwa kama ulilalamika ndani kwanza, na kama hukulalamika, ulikuwa na sababu gani ya maana. Siku za kufungua shauri la kuachishwa ni 30 tu.

Kwa hiyo nilianza na barua ya malalamiko, ukurasa mmoja. Sikuandika "ananisumbua". Niliandika tarehe, stoo, mlango, maneno. Nikaambatisha skrinshoti za meseji zikionyesha namba na saa, na simu yenyewe sikufuta kitu. Niliomba mambo mawili: uchunguzi, na nisiwe chini yake wakati unaendelea. Nakala nikagongesha muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua inaweza "kupotea".

Meneja alikana. Aliyegonga mlango wa stoo alieleza alichokiona, basi. Meneja alipewa onyo la mwisho, akahamishiwa tawi jingine. Wapo wenzangu walioacha kunisalimia, na hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilibaki hadi mkataba ulipoisha.

Polisi sikwenda. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D, inaufanya unyanyasaji huu kuwa jinai, lakini lalamiko linatakiwa ndani ya siku 60, na mimi sikuwa na nguvu ya kusimama mahakamani mbele yake. Sijutii. Anayetaka njia hiyo aanzie Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, mapema. Kama bosi anakuambia wazi kwamba bila kulala naye hupati mkataba au cheo, hiyo ni rushwa ya ngono, na TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113. Hapo usimjibu kwa hasira ukamwamsha. Toa taarifa kwanza, wao ndio wanaojua kumnasa. Watumishi wa umma, ambao Dodoma ni wengi, wasikimbilie CMA: mashauri yao ya ajira yanaanzia kwenye mamlaka ya nidhamu na Tume ya Utumishi wa Umma.

Kwangu swali la kuripoti lilikuja kuwa dogo kuliko nilivyodhani: ninaweza kustahimili kuulizwa haya tena na tena, na watu wa kukalia nao jioni ninao? Kama jibu ni bado, andika, tunza, subiri, ila kalenda uwe unaitazama. Siku za CMA zikikupita, unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima uoneshe sababu ya kuchelewa. Kadi ya kliniki yenye tarehe zako ni moja ya vitu vya kuambatisha, kwa hiyo usiitupe.