Maswali na Majibu: Zege la Msingi si Zege la Tangi

Shikamoo fundi. Dukani kuna mfuko wa saruji wa 32.5 na wa 42.5, bei tofauti. Nachimba msingi wa vyumba viwili na sebule, na nyuma ya nyumba nataka tangi la maji la kuchimbia ardhini. Ninunue upi?

Marahaba. Nunua yote mawili, kila moja kwa kazi yake. Namba hiyo ni kipimo cha maabara: saruji ikichanganywa na mchanga maalumu, baada ya siku 28 inatakiwa kuhimili angalau nyutoni 32.5, au 42.5, kwa kila milimita ya mraba. Herufi N inayofuata ni ya saruji inayokaza kwa mwendo wa kawaida, na R ni ya ile inayopata nguvu mapema.

Ukuta wa tofali wa nyumba ya chini haufiki hata nyutoni moja kwa milimita ya mraba pale unapokalia zege. Kwa hiyo msingi wa ukanda, usio na nguzo za ghorofa, unatoshwa na 32.5N. Misingi ninayoiona imepasuka mara nyingi imesalitiwa na udongo. Kama kiwanja chako kina ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, hakuna saruji itakayokuokoa. Hapo mwite mhandisi kabla ya kuchimba.

Tangi lina shida nyingine. Halisumbuliwi sana na uzito, linasumbuliwa na maji yanayotafuta njia ya kupita. Kwake zege lisilo na vijitundu ndilo jambo kubwa, nami huchukua 42.5N, kwa kuwa hunipa nguvu ninayoitaka bila kulazimika kujaza saruji kupita kiasi. Saruji ikizidi mno, zege hutoa joto, husinyaa likikauka, na hupata nyufa nyembamba kama nywele. Kwenye msingi nyufa hizo hazina neno. Kwenye tangi ndiyo milango yenyewe.

Fundi wangu anasema moja, mbili, nne kwa kila kitu. Je, yuko sawa? Na itaenda mifuko mingapi?

Kwa msingi yuko sawa: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kwa tangi aende moja, moja na nusu, tatu. Ila muulize kwanza anapima kwa nini. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, wakati toroli lililorundikwa hubeba karibu mara mbili ya hapo. Akisema "mfuko mmoja, toroli mbili za mchanga, nne za kokoto", amekutengenezea moja, nne, nane bila kujua. Gonga kisanduku cha mbao kisicho na kitako, sentimita 30 kwa 30, kimo 39. Hicho ni mfuko mmoja. Jaza, sawazisha juu kwa kibao, nyanyua.

Sasa hesabu. Tuseme mitaro yako yote ikiungwa ina mita 40, upana sentimita 60, na zege ni unene wa sentimita 20. Hiyo ni mita za ujazo 4.8. Kwa moja, mbili, nne, kila mita ya ujazo hula mifuko kama 6.3, basi ni mifuko 30. Chukua 32, kwani haikosi kumwagika.

Tangi ambalo kwa ndani ni mita 2 kwa 2, kina mita 1.5, ukijaza hadi mita 1.25 lina lita 5,000. Kuta na sakafu za sentimita 15, huku sakafu ikizidi kidogo nje ya kuta, zinatoa karibu mita za ujazo 2.9. Mchanganyiko wa tangi hula kama mifuko 8 kwa mita, hivyo ni mifuko 23 kabla ya mfuniko. Zege ni pungufu sana kuliko la msingi, lakini saruji haijapungua kwa kiasi hicho. Idadi na mpangilio wa nondo usikisie; upate kwa mhandisi, hasa tangi likiwa kubwa kuliko hili au likiinuliwa juu.

Vijana wanamimina maji mpaka zege linatiririka lenyewe, wanasema ndiyo linajaa vizuri. Niwaache?

Usiwaache, na kwenye tangi simama nao mwenyewe. Saruji inatumia sehemu tu ya maji unayoyatia. Yanayobaki hukauka na kuacha vinjia ndani ya zege, na tangi huvuja kupitia humo hata kama halina ufa unaoonekana.

Kwa tangi usizidi lita 25 kwa mfuko. Msingi unaweza kuvumilia 30. Halafu kuna jambo wengi hulisahau: mchanga wenyewe una maji. Kisanduku kimoja na nusu cha mchanga ni kilo 80 hivi. Ukiwa na unyevu wa asilimia 5, tayari una lita 4. Kwa hiyo siku hiyo unamimina 21.

Zege la namna hii ni gumu kusukuma, na hapo ndipo vijana hulalamika. Kodi vaibreta ya siku moja. Ukikosa, mwaga matabaka ya sentimita 30 na uyachome kwa kipande cha nondo hadi mapovu yakome kutoka. Ukifungua mbao ukakuta kokoto zimekaa wazi kama sega la nyuki, ujue hapo hapakushindiliwa.

Tangi letu lina mwezi mmoja na linavuja pale ukuta unapokutana na sakafu. Tukipiga niru itapona?

Kwa wiki chache, pengine. Hapo ndipo pa kwanza kuvuja karibu katika kila tangi ninaloitwa kuliangalia: sakafu ilimwagwa Jumatatu, ukuta ukaja Ijumaa juu ya zege lililokwisha kaza, lenye vumbi na ute wa saruji. Niru ni ngozi tu. Ukuta ukicheza kidogo, nayo inapasuka.

Toa maji, chonga kona yote kwa tindo hadi ukute zege zima, sugua, lowesha, kisha jaza saruji na mchanga mzito, moja kwa mbili, ukiuviringisha uwe kama mteremko mdogo konani. Juu yake piga plasta, halafu niru. Anayeanza upya amwage sakafu pamoja na kimo cha sentimita 10 cha ukuta, ili kiungo kiwe juu ya kona.

Baada ya hapo lifunike kwa magunia ya maji siku 14. Msingi huridhika na 7. Kisha jaza polepole, acha zege linywe maji wiki moja, ujaze tena na uchore alama ukutani. Weka ndani ndoo ya maji ielee au ining'inie karibu na uso wa maji, nayo uitie alama. Baada ya siku saba, maji ya tangi yakishuka kuliko ya ndoo, bado linavuja.

Niko Tanga karibu na bahari, kisima changu kina chumvi. Naweza kukorogea zege?

Penye nondo, hapana: chumvi huila nondo, nayo ikipata kutu huvimba na kubandua zege. Mchanga wa ufukweni uuache vilevile. Kama ardhi yenyewe ina chumvi, tafuta mfuko ulioandikwa CEM IV, wenye pozolana, ambao huvumilia zaidi. Unakaza taratibu, basi ongeza siku za kumwagilia.