Nifute miaka yangu ya Mombasa ili nipate kazi Toronto?

*Dada, mimi ni mhasibu. Nilifanya kazi miaka 7 kwenye kampuni ya kuagiza bidhaa Mombasa, nina shahada ya biashara na CPA(K). Tangu nifike Toronto nimetuma maombi zaidi ya 60, kimya. Ripoti ya WES ninayo. Jamaa mmoja ananishauri nifute kazi za Kenya, naye ataniandikia barua ya kampuni ya huku kwa dola 400. Nifanyeje?*

Barua hiyo usiinunue. Nitaieleza baadaye, lakini nianze na ripoti ya WES, maana wengi wanaokuja kwangu wanaishika kama ufunguo. Ripoti ile inajibu swali moja tu: shahada yako inalingana na kiwango gani cha Kanada. Watu wa uhamiaji ndio waliouliza hilo. Mwajiri anataka kujua kama ukiachiwa vitabu vyake utaweza kufunga hesabu za mwezi bila kushikwa mkono, na juu ya hilo ripoti haina neno.

CPA(K) nayo ina mtego wake. Hapa Ontario herufi CPA zinalindwa na sheria; ni za waliosajiliwa na chama cha huku, CPA Ontario. Usizibandike baada ya jina lako. Kwenye sehemu ya masomo andika kwamba ulifaulu mitihani ya KASNEB, na kama ulijiunga na ICPAK litaje jina lake kamili pamoja na nchi. Kazi ya kutunza vitabu au kulipa wasambazaji haidai leseni, kwa hiyo usingoje usajili ndipo uanze kuomba.

Pale wengi wanapojikwaa ni kwenye maelezo ya kazi yenyewe. Nimesoma wasifu chungu nzima zinazosema, "Nilishughulikia VAT, PAYE na iTax." Msomaji wa Toronto haijui iTax wala kampuni yako, basi anapita. Mweleze ukubwa na tendo. Tuseme kampuni yenu ilikuwa na wafanyakazi 40 na ankara 300 kwa mwezi. Andika hivi: "Kampuni ya kuagiza bidhaa, wafanyakazi 40. Kila mwezi nilihakiki ankara 300 za wasambazaji, nikalinganisha taarifa ya benki na leja, nikatayarisha ritani ya kodi ya mauzo (16%) na kukata kodi ya mishahara." Namba ziwe zako za kweli, kama umezisahau, mpigie mliyekuwa mkikaa naye ofisi moja.

Mhoji akikuuliza kuhusu HST, kodi ya mauzo ya Ontario ambayo ni 13%, usiseme hujawahi kuigusa ukanyamaza. Mwambie umezoea kodi ya namna hiyo: unakusanya kwa mteja, unatoa uliyolipa kwa wasambazaji, unapeleka tofauti serikalini. Kisha kiri usichojua. Wewe umefunga hesabu kwa IFRS, lakini kampuni nyingi binafsi huku hutumia kanuni ziitwazo ASPE. Zisome kabla ya usaili, si baada.

Halafu mdhamini. Cheti cha utumishi ulichopewa Kenya kinasema ulianza lini, ukaacha lini, kwa kazi gani. Mwajiri wa huku anataka sauti ya mtu aliyekusimamia. Na kumbuka saa: Toronto ikiwa saa 8 mchana wakati wa baridi, Mombasa ni saa 4 usiku. Bosi wako wa zamani amelala, simu haipokewi, nawe unahesabiwa huna mdhamini. Toa barua pepe yake ya kazini, na umwombe saa anayoweza kupokea, kisha uiandike kwa saa za Toronto.

Sasa hao wauza barua. Wananiumiza, kwa sababu wanachukua kodi ya nyumba ya mtu mgeni na kumwachia kitanzi. Aliyeajiriwa Kanada hupewa kila mwaka karatasi ya mapato na makato iitwayo T4. Kampuni za kuhakiki historia ya kazi huweza kukuomba hiyo T4, na muuzaji wa barua hana ya kukupa. Ukishapata kazi ndipo uongo ugundulike, unafukuzwa, na kipindi hicho nacho utakificha kwenye wasifu unaofuata. Barua ya namna hiyo ikiingia kwenye faili la uhamiaji, unaweza kuzuiwa kuingia Kanada kwa miaka 5.

Tena wanauza hofu iliyoanza kuisha. Tangu Januari 1, 2026, mwajiri wa Ontario mwenye wafanyakazi 25 au zaidi haruhusiwi kudai uzoefu wa Kanada kwenye tangazo la kazi la wazi. Jamaa yeyote anayekuambia miaka yako 7 haina thamani huku, muulize kwanza yeye anauza nini.