Hamad kafa, na hatukujua kuwa ni Pono

*Swali la wiki: Mtu huwa na jina la utani, jina la kubembelezwa nyumbani, pengine la jukwaani, na la cheti. Lako hasa ni lipi?*

Mhariri, kwetu Wete tungeuliza vyengine: nani ana ruhusa ya kukuita kwa lipi? Mama yangu hajanitaja hata siku moja kwa jina la cheti. Nilipewa jina la baba mkwe wake, na mkwe hatajwi ovyo, kwa hivyo tangu uchangani mimi ni "Baba". Hata bakora nilizila kwa jina hilo: "Baba, hebu njoo hapa!" Mwengine akiniita hivyo sigeuki. Wenzangu wa skuli nao wana jina lao, ambalo hapa siliandiki.

Nilitaka kuishia hapo, niseme jina la cheti ni la makaratasi tu. Kisha nikamkumbuka Ami Pono.

Ami alilipata jina baharini. Alitia nanga kwenye ngarawa yake, akalala mchana kweupe, nanga ikang'oka, maji yakamchukua mpaka upande wa Fundo. Walipomfikia bado anakoroma. Siku hiyo hiyo akawa Pono, na watoto aliozaa baadaye wakawa watoto wa Pono. Mke wake peke yake ndiye aliyemwita "Baba Fulani", kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

Jioni moja nipo Jang'ombe, chai mezani, radio inasoma matangazo ya vifo. Likasomwa la Hamad, likafuata jina la baba yake na la babu yake, mkaazi wa Wete. Nikasema "Inna lillahi", nikachovya andazi langu. Wallahi nilichovya andazi! Kwetu majina yanazunguka: mjukuu hupewa la babu, mwanawe akapewa la baba, na ukiyapanga matatu unapata Hamad chungu nzima katika shehia chache. Kinachomtenganisha mtu kwenye tangazo ni ile orodha ndefu ya "habari ziwafikie", na maneno "maarufu kwa jina la". Safari hii binamu yangu, kwa haraka na majonzi, alinakili majina matatu kutoka kwenye kitambulisho cha marehemu, basi.

Usiku ndipo ikaja simu: "Pono kafa." Kuzikwa alishazikwa alasiri. Nilipanda boti asubuhi, nikawahi hitima.

Huko nikaona upande wa pili wa jambo. Kabla ya mirathi kugaiwa, deni la maiti hulipwa kwanza, na wenye kumdai waliombwa wajitokeze. Muuza duka akaja na daftari lake: "Pono, 40,000." Daftari zima halina Hamad. Wanawe walijua ni yeye, lakini warithi wengine walikuwa wa mbali, na mmoja akauliza, kwa adabu lakini akauliza, Pono ni nani kisheria? Pale barazani hakuna karatasi hata moja yenye majina yote mawili. Ikabidi wavuvi wawili waliokwenda naye bahari washuhudie, na sheha aandike barua kuwa Hamad huyu na Pono yule ni mtu mmoja. Shilingi elfu arubaini zilikula siku tatu.

Watu wa jukwaani hawana shida hii sana. Siti binti Saad wa Fumba alizaliwa akaitwa Mtumwa, na leo ukimtaja kwa jina hilo utaulizwa unamsema nani. Bi Kidude alipofariki 2013, lau radio ingesema Fatuma binti Baraka na kunyamaza, naapa wengi wangeendelea na chai yao kama mimi.

Kwa hivyo nikirudi juu, nilikosea kulidharau la cheti. Unapokopa, unapouza ngarawa, unapotia saini, andika la cheti, na la utani ulitie pembeni yake ili yajuane mapema. Ila kwenye kifo naona la utani litangulie, maana ndilo linalowainua watu vitini. Nasema hivyo kwa Pemba. Mjini, ambako jirani hajui hata la kwanza, sijui kama linasaidia.

Tangazo langu nimeshamwandikia binti yangu: majina matatu, shehia, orodha ya jamaa. Baada ya "maarufu kwa jina la" nimeacha nafasi tupu. Wenzangu wa skuli wanamjua binti yangu, na naogopa wataijaza.