Mzee anayekosea namba kila alfajiri

*"Kuna mzee ananipigia karibu kila siku saa kumi na moja alfajiri, anamtafuta dalali wa viazi. Nimeshamwambia mara tatu kuwa amekosea, anaomba radhi, kesho anapiga tena. Nimfungie, au nimshitaki?" (Msomaji, Uyole, Mbeya)*

Usimfungie kwanza, dada. Anayeomba radhi kisha akarudia, mara nyingi namba yako imo kwenye simu yake kwa jina la dalali. Ukimwambia "umekosea namba" anadhani kidole kimeteleza, basi kesho anabonyeza jina lile lile.

Akipiga tena mwambie: "Shikamoo mzee. Simu hii si ya dalali. Naomba unisomee namba uliyoandikiwa, tarakimu moja moja." Asome yeye kutoka kwenye karatasi, wewe usimtajie yako wala jina lako. Tuseme karatasi inaishia 617 na yako 611: saba ya mkono imesomwa moja. Mwambie basi mjukuu airekebishe, na afute pia orodha ya simu zilizopigwa. Hili la pili husahaulika. Kwenye kitochi, kitufe cha kijani hufungua orodha hiyo, na namba yako ndiyo iko juu.

Karatasi ikilingana na namba yako, ama dalali aliandika vibaya, ama laini hiyo ilikuwa yake zamani. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kuuzwa upya. Utajua ni hivyo wakikupigia watu tofauti wakitaja jina moja. Hapo mzee hana kosa. Waambie tu laini ina mwenyewe mpya. Piga pia *106# uhakikishe imesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mambo hubadilika mtu akishaelewa kuwa si wewe, na bado akapiga: anauliza unakaa wapi, anatukana, au anadai ametuma pesa kwako kimakosa. Hilo la pesa, usiirudishe kwa mkono wako, hata akilia. Angalia salio, si meseji. Kama kweli imeingia, mwambie apige 100 kwa mtandao wake waishughulikie wao. Meseji ya kitapeli itume 15040, kisha utume namba iliyoileta.

Kwa msumbufu, sema mara moja, bila ukali: "Naomba usinipigie tena." Kuanzia hapo usipokee. Andika tarehe na saa za kila simu, meseji usizifute, ndipo umfungie. Akihamia namba nyingine au akitishia, nenda polisi na daftari hilo ufungue RB. Matusi ya kingono yapeleke Dawati la Jinsia na Watoto. Usipoteze nauli kwenda kuwauliza watu wa mtandao laini ni ya nani. Hawatakuambia wewe, polisi ndio huomba taarifa hiyo.