Usiiweke hatimiliki ya shamba kulipia deni la pikapu

Kwako Shangazi,
Mwaka huu nilikopa shilingi 500,000 kwa logbuku ya pikapu yangu, kwa miezi 12, na riba ya asilimia 4 kila mwezi. Nimelipa miezi 5, kisha mteja wangu mkubwa akaacha kunipa kazi, na sasa nina miezi 2 sijalipa. Mkopeshaji anatishia kulichukua gari. Shemeji yangu ananishauri niweke hatimiliki ya ekari 2 nilizorithi, ambako mama yangu, mke wangu na watoto wanaishi, nipate 600,000 nilipe deni hili na kuanza upya. Wasema nini?
Mwenye Pikapu, Nakuru

Mwanangu,

Usiiweke hatimiliki hiyo. Nasema hivi mapema kwa sababu siku zako ni chache, nami ningependa uzitumie kuliuza gari mwenyewe kabla halijafika mikononi mwa dalali.

Tuanze na hesabu. Riba uliyoitaja inaelekea kuhesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, wala haipungui kadiri unavyolipa. Ikiwa ndivyo, kila mwezi unatoa takriban shilingi 61,700, ambazo 20,000 kati yake ni riba. Kwa miezi 5 uliyolipa umepunguza mkopo wenyewe kwa takriban 208,000, hivyo umebaki na 292,000 hivi. Ukiongeza riba ya miezi 2 uliyokosa, unafika 332,000, kabla ya faini za kuchelewa. Tena utaona kwamba riba ya 20,000 juu ya mkopo uliobaki wa 292,000 si asilimia 4 tena, bali ni karibu 7. Mwombe mkopeshaji taarifa ya maandishi inayoonyesha kiasi cha kumaliza deni leo, na usome kila kipengele chake, maana baadhi ya mikataba hudai hata riba ya miezi ambayo bado haijafika.

Sasa fikiria pikapu hiyo ina thamani ya 850,000 sokoni. Ukiiuza wewe mwenyewe kwa 800,000 na deni likawa 340,000, unabaki na 460,000 mkononi. Ikichukuliwa, ikavutwa, ikalala kwenye yadi inayotoza kwa siku, kisha ikauzwa mnadani kwa haraka kwa 560,000, na gharama za dalali na yadi zikafika 60,000, utarudishiwa 160,000 tu. Takwimu hizo za mnada ni za mfano, lakini mwelekeo wake ndio nilioushuhudia kwa wasomaji wengi. Bei ikishuka chini ya deni, gari huwa limekwenda, nawe bado unadaiwa salio.

Gari huenda haraka kwa sababu ya namna lilivyowekwa dhamana. Jina la mkopeshaji huandikwa pamoja na lako kwenye usajili wa NTSA, na mkataba mara nyingi humruhusu kulichukua bila kwenda mahakamani kwanza. Wengi hulifunga pia kifaa cha kulifuatilia lilipo. Kwa hiyo usilifiche kwa jamaa; gharama za kulitafuta zitaongezwa kwenye deni lako.

Upande wa ardhi, sheria ya Kenya humpa mdaiwa muda mrefu zaidi, na ni vyema uujue ili usidhani muda huo ni usalama. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mkopeshaji husubiri mwezi 1 baada ya malipo kukosekana, kisha anakuandikia ilani inayotaja kiasi unachodaiwa na kukupa siku zisizopungua 90 za kulipa. Zikipita, anatoa ilani nyingine ya kuuza, ambayo ina siku zisizopungua 40. Dalali naye hukupa siku 45 za kulikomboa shamba, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Ilani hizo zikifuatana zote, ni takriban miezi 7. Waweza kulipa na kulikomboa shamba hadi mkataba wa mauzo unapokamilika, lakini nyundo ikishagonga na mnunuzi akapata haki yake, mahakama kwa kawaida itakuelekeza udai fidia ya fedha tu. Hapo ndipo watu huja kwangu, wakiwa na ilani zote kwenye droo, hazijafunguliwa.

Sheria hiyo pia humtaka mkopeshaji atafute bei bora inayopatikana wakati huo, na shamba likiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, huchukuliwa kwamba hakutimiza wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Kinga hiyo ni ya kweli, lakini huiendei ila kwa wakili na muda wa kesi.

Kuna jambo jingine ambalo shemeji yako hakulitaja. Nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani kihalali bila sahihi au ridhaa ya mke anayeishi humo. Ikiwa ekari hizo ni ardhi ya kilimo, lazima pia uombe kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Akitokea mtu wa kukuambia kwamba mke wako ataweza kusaini baadaye, au kwamba bodi ni jambo la kuzungukwa, mkimbie. Kifungu kinachomlinda mke hakimtaji mama mzazi, na mama yako ndiye atakayekuwa na pa kulala padogo kuliko wote shamba hilo likiuzwa. Zungumza naye na mkeo kabla ya kuzungumza na mkopeshaji mwingine yeyote.

Sikatai kwamba ardhi yaweza kukopewa. Ningeifikiria kama ungekuwa na kazi yenye mapato ya uhakika, na benki ikawa inatoa riba nafuu kwa miaka kadhaa. Kwako mapato yenyewe ndiyo yaliyokatika. Ukichukua 600,000, ukalipa 340,000 na gharama za uthamini, wakili na usajili wa rehani, bado utahitaji malipo ya kila mwezi kutoka kwa pikapu ileile isiyo na mteja. Utakuwa umeliondoa deni kwenye kitu kinachochakaa na kuliweka kwenye makazi ya familia.

Kwa hiyo, wiki hii mwandikie mkopeshaji barua, uombe ruhusa ya kuliuza gari mwenyewe na siku 30 za kufanya hivyo, na uhakikishe jibu lake limeandikwa. Wengi hukubali, kwa kuwa mnada nao huwagharimu. Ukipata mnunuzi, mkutane katika ofisi ya mkopeshaji: mnunuzi alipe sehemu ya deni moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopeshaji, na salio akulipe wewe. Usimkabidhi mtu gari kwa ahadi kwamba atamaliza deni polepole, kwani mkopo bado una jina lako. Mkopeshaji akikataa, omba angalau apunguze malipo ya mwezi kwa kurefusha muda, na ulinganishe jumla ya riba kabla ya kusaini.

Malipo yakikamilika, dai barua ya kumaliza deni, na uhakikishe jina la mkopeshaji limeondolewa kwenye usajili wa NTSA kabla hajaondoka ofisini aliyekushughulikia.

Shangazi