Mwenye kudai alete karatasi

Swali la wiki: "Ukidaiwa deni ambalo si lako, utalipa kuepusha aibu au utagoma?"

Sitalipa, na wala sitagoma kwa mdomo. Nitaandika barua. Nalisema kwa ukali kwa sababu nimeona namna wazee wetu wanavyotishwa kwa neno "deni". Mtu ambaye kila maziko husikia jamaa wa marehemu wakitangaza kuwa anayemdai ajitokeze, ukimwambia anadaiwa haulizi nani kasema. Anaogopa kufa nalo. Na watu wa kukusanya madeni wanalijua hilo vizuri.

Mamangu anakaa Wete. Alipigiwa simu na kijana mmoja mwenye adabu, shikamoo mama, hujambo mama, kisha akaambiwa anadaiwa shilingi 1,260,000 na taasisi ya mikopo, na kwamba ofisi ya kijana imepewa kazi ya kuzikusanya. Mama akasema hajakopa kitu. Kijana akamtajia majina yake matatu, lake, la baba na la babu, sawasawa kabisa. Baadaye ikaja barua, tena kupitia kwa sheha, na hapo ndipo mama alipoishiwa nguvu, maana sheha keshaisoma. Nilipofika nyumbani nilimkuta kaweka shilingi 200,000 mezani za kutuma "ili wanyamaze kwanza".

Hizo laki mbili ndizo zilizonitia moto. Malipo ya namna hiyo hayamnyamazishi mtu. Kulipa sehemu ya deni, au kuandika "deni langu nitalishughulikia", ni kulikiri. Hata deni la zamani ambalo muda wake wa kudaiwa mahakamani unakaribia kwisha, kukiri kwa saini au kulipa sehemu kunaweza kuufanya muda huo uanze kuhesabiwa upya. Kwa hiyo barua yetu yote ilisema "deni mnalolidai". Hatukuomba muda wala kupunguziwa, kwa sababu anayeomba kupunguziwa keshakubali kuwa kuna cha kupunguza.

Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja. Tuliweka tarehe na namba ya kumbukumbu ya barua yao, tukasema mama hakukopa wala hakumdhamini mtu, na tunapinga dai lote. Kisha tukataka vitu, tukavitaja kimoja kimoja: nakala ya mkataba wenye saini, nakala ya kitambulisho kilichotumika kuombea mkopo, na ushahidi wa fedha zilitolewa lini na ziliingia akaunti gani au namba gani ya simu. Tukataka mchanganuo wa hesabu tangu siku ya kwanza, yaani mkopo halisi, kilicholipwa, riba na faini, na mwisho barua ya mkopeshaji inayoonyesha kuwa ofisi hiyo imeruhusiwa kudai kwa niaba yake. Tukawataka wawasiliane nasi kwa maandishi tu, na wasipeleke tena habari za mama kwa mtu mwingine yeyote.

Kuna kitu ambacho hatukukiweka, nacho ni nakala ya kitambulisho cha mama. Kijana aliiomba kwenye simu, "tuhakiki tu mama". Hapana. Ukiwapa wewe kwanza namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na saini, umewapa vile vile vilivyokosekana kwenye faili lao. Wao ndio wanaodai, basi waonyeshe walichonacho, wewe ulinganishe. Tulifundishwa hili chuoni tukiwa wadogo, kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na mahakamani msingi ni huo huo.

Barua tuliitoa nakala mbili. Ndugu yangu aliye Unguja aliipeleka kwa mkono ofisini kwao, wakaipokea moja, na ya pili wakaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri ule wangesema hawajaona kitu. Nakala nyingine ilikwenda kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa sababu wakala hana mafaili, ana orodha ya majina na kiasi.

Jibu la kwanza lilikuwa karatasi moja iliyochapwa: jina la mama na 1,260,000. Wengi hapa hukata tamaa, wakadhani ule ndio ushahidi. Ule si ushahidi, ni dai lile lile limerudiwa kwa wino mpya. Tukaandika tena, kwa kifupi, kwamba tulichoomba hakijaletwa.

Safari hii mkopeshaji ndiye aliyejibu, na fomu ikaja. Mkopaji alizaliwa 1979, mama alizaliwa 1958. Namba ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ilikuwa nyingine, shehia nyingine. Fedha ziliingia kwenye namba ya simu ambayo haimo kati ya zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mama. Hilo tulilitazama wenyewe kwa kupiga *106# kwenye simu yake, na kila mtu afanye hivyo hata kama hadaiwi. Na chini ya fomu kulikuwa na saini ya herufi za Kizungu. Mamangu husaini kwa herufi za Kiarabu, tangu nimjue. Majina matatu yaliyolingana yalikuwa ya mwanamke mwingine, jambo ambalo Pemba si la ajabu hata kidogo; kila ukoo una Khamis na Juma wake.

Tukataka barua ya kumsafisha mama, ikaja, na nakala tukampelekea sheha.

Lakini ule mchanganuo nao ulikuja, na ndio unaonisumbua ninapoandika. Mkopo ulikuwa 900,000, zimelipwa 300,000, zimebaki 600,000. Juu yake riba 180,000, faini 330,000, na "gharama za ufuatiliaji" 150,000. Yule dada wa 1979, ambaye anadaiwa kweli, naye ana haki ya kuuliza faini ile imeandikwa wapi kwenye mkataba. Nilianza nikisema barua ni ya asiyedaiwa. Sasa naona hata anayedaiwa aiandike, ajue anadaiwa ngapi kwa haki.

Barua haimalizi kila kitu, msije mkanilaumu. Ukiletewa samansi ya mahakama, nenda kajibu ndani ya muda uliopewa, hata deni liwe la uongo vipi. Ukikaa kimya inaweza kutoka hukumu ya upande mmoja, na hapo ndipo dalali wa mahakama anapokuja na amri ya kweli. Mkusanya madeni asiye na amri hana ruhusa ya kugusa hata mkeka wako. Na taasisi ikikataa kujibu, malalamiko yanapelekwa Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Unguja, lakini uwe umeshailalamikia taasisi yenyewe kwanza, na hapo nakala yenye muhuri ndiyo itakayokusemea.

Kwa hiyo jibu langu ni kugoma kwa maandishi. Ila nimekaa nikajiuliza: kesho akija bibi wa dukani kwetu, aliyetukopesha unga na mafuta miaka yote, aniambie babangu marehemu alibakisha shilingi 40,000, nitamwambia alete mkataba? Sitamwambia. Nitamlipa bila karatasi, na nitamwomba amsamehe kwa kuchelewa. Najua hilo linapingana na yote niliyoandika hapo juu. Bibi yule anatujua kwa sura, na tukitofautiana hesabu tutakaa kibarazani tuizungumze. Aliyenipigia simu kutoka ofisi nisiyoijua, akiwa na majina matatu tu mkononi, huyo aniandikie.