Karibu ya kwenye grupu la kazi: nani aanze, aseme nini

Jumatatu napokea mhasibu msaidizi. Niandike nini kwenye grupu bila kuwachosha watu na hotuba? (Msimamizi, Mwanza)

Kabla ya maneno kuna mpangilio, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Ukiandika makaribisho kwanza halafu ndipo umwingize, mwenyewe hayaoni, kwa kuwa kwenye WhatsApp anayeingia kwa kawaida huona yale yanayoandikwa baada ya yeye kuingia. Ukimwingiza Ijumaa jioni ukaandika Jumatatu, grupu linashinda wikiendi nzima na namba isiyo na mwenyewe, na watu wanaanza kuchunga midomo. Mwingize Jumatatu asubuhi akiwa ameshafika na kuoneshwa kiti chake, kisha andika papo hapo.

Mwombe ruhusa pia, kwa sababu akishaingia namba yake inaonekana na kila mtu. Wengine wamepanga simu zao zisikubali kuingizwa grupu na mtu ambaye hawajahifadhi namba yake. Huyo itabidi umtumie mwaliko, na mwaliko ule unakufa baada ya siku tatu, kwa hiyo usiutume wiki moja kabla.

Sasa maneno. Haya ndiyo makaribisho niliyoyasoma mara nyingi kuliko yote katika miaka yangu ya idara ya utumishi:

> Habari za asubuhi wanafamilia. Napenda kuchukua fursa hii adhimu kumkaribisha mwenzetu mpya aliyejiunga nasi leo. Naomba tumpe ushirikiano wa kutosha. Asanteni.

Yana adabu zote, jina tu hakuna. Watu kumi na wanne watajibu "Karibu sana", halafu saa sita mchana wataulizana pale kwa mama ntilie kwamba yule ni nani na amekuja kufanya nini. Tumwite mgeni wako Neema, ulinganishe na haya:

> Habari za asubuhi. Namba iliyoingia sasa hivi ni ya Neema, mhasibu wetu msaidizi kuanzia leo. Leo na kesho yuko na Kaka Juma wanakabidhiana mafaili. Kuanzia Jumatano marejesho ya masurufu yapelekwe kwake, si kwangu tena. Anakaa meza ya dirishani, chumba cha uhasibu. Neema, karibu sana. Humu tunajibu saa za kazi, ujumbe wa usiku unasubiri asubuhi.

Sentensi ya masurufu ndiyo kiini. Usipoiandika wewe, watu wataendelea kukuletea risiti zao wewe kama walivyozoea, na Neema akizidai ataonekana mgeni anayejifanya mkubwa. "Si kwangu tena" inamkabidhi kazi mbele ya mashahidi. Ile ya mwisho inasemwa kwake, lakini ujue wenyeji nao wanaisikia, hasa yule anayetuma faili saa nne usiku.

Utaona sikutaja chuo alichosoma, alikotoka, wala kama ana mume na watoto. Akitaka atasema mwenyewe. Jina nalo muulize: cheti kinaweza kusema Neema, yeye akawa amezoea jina la ukoo, au la mtoto wake.

Wenzangu ishirini wameshaandika "Karibu sana". Na mimi lazima? (Dada wa mapokezi, Dodoma)

Lazima si lazima. Kama hamtafanya kazi pamoja kwa karibu, gusa ujumbe wa bosi, weka emoji ya makofi, yatosha. Simu ya mgeni inalia kwa kila "karibu", na siku ya kwanza hathubutu kuizima sauti.

Ila wewe ni wa mapokezi, na una kitu ambacho hao ishirini hawana. Andika: "Karibu Neema. Mimi ndiye niliyekupokea asubuhi. Kitambulisho chako cha mlangoni kitakuwa tayari kesho saa nne, pitia kwangu." Hiyo ataikumbuka, kwa sababu sasa anajua wewe ni nani na atakutafuta kwa lipi. Ndivyo ninavyowashauri wenyeji wote: jina lako, na jambo moja ambalo mgeni atalihitaji kwako wiki hii. Fundi mitambo aseme neno la siri la mtandao analo yeye na atapita kumwekea. Neno lenyewe asiliandike grupuni.

Mimi ndiye mgeni. Nimepata "karibu" thelathini, nimjibu kila mmoja? Na nianze na shikamoo? Humo kuna watu wazima. (Kijana wa Morogoro)

Jibu mara moja tu, wimbi likishatulia. Ukijibu wa kwanza na wa pili, wa tisa atahesabu kwamba umemruka. Acha saa moja au mbili zipite, kisha:

> Habari za mchana wote. Asanteni sana kwa mapokezi, nimekaribia. Kwa wiki hii nitakuwa najifunza kwa Kaka Juma, hivyo nikiuliza jambo mara mbili mnivumilie.

"Nimekaribia" inatosha kufunga mlango wa karibu. Kuahidi kuchapa kazi usiku na mchana acha kabisa. Nimewahi kuona ahadi kama hiyo ikisomwa kwa sauti miezi mitano baadaye, kwenye kikao, siku kijana alipochelewa.

Shikamoo ni swali gumu kuliko unavyodhani. Ukiandika "Shikamooni" kwa grupu zima, umewaamkia na vijana wenzako, na wengine watakucheka. Ukiandika "Shikamooni wakubwa, mambo wadogo", umewapanga watu kwa umri mbele ya wote, na yuko dada wa miaka thelathini na tano atakayejiuliza umemweka kundi gani. Tena marahaba zitamiminika humo, moja moja, hadi saa nane. Grupuni tumia "Habari za asubuhi", inambeba kila mtu. Shikamoo mpelekee mzee mwenyewe ukikutana naye kwenye korido, au ukimwandikia pembeni. Ofisi chache zina desturi ya kuamkiana humo humo kila asubuhi. Ukikuta hivyo, fuata wenyeji.

Nina siku ya nne kwenye grupu, bosi hajasema lolote. Jana mtu ameuliza "Hii namba inayoishia 61 ni ya nani?" Hakuna aliyejibu. Nitoke? (Mpwa wenu, Mombasa)

Usitoke, mpwa wangu. Ukitoka utakuwa umejibu kwamba namba ilipotea njia.

Mara nyingi bosi hakukusudia. Admini wa grupu ni mtu mwingine, aliambiwa "muweke yule mpya", akakuweka, na kila mmoja akadhani mwenzake amesema. Jibu swali lile lile la jana: bonyeza ujumbe wake, ujibu chini yake ili waone unajibu nini. "Ni yangu. Naitwa fulani, nimeanza Jumatatu upande wa stoo, niko chini ya Bi Zuhura. Nafurahi kuwafahamu." Usiongeze "samahani kwa kuchelewa kujitambulisha". Hukuchelewa wewe.

Kisha mwambie bosi kwa mdomo, kwa upole: "Nimejitambulisha kwenye grupu, ila ningeomba uwaeleze watu kazi ipi niletewe." Jina umeshalitaja mwenyewe, lakini mamlaka ya kazi huwezi kujipa.

Na ninyi mlioliona swali lile mkanyamaza: mmoja wenu anakaa naye chumba kimoja.

Kijana wangu mmoja aliandika "Karibu mrembo, ofisi sasa imeng'aa", na emoji za macho ya mapenzi. Wengine wakacheka. Binti hakujibu kitu. Nimwache apoe? (Meneja, Dar es Salaam)

Usimwache hata nusu saa. Binti aliletwa kwa kazi, akapokelewa kwa sura, na kila anayecheka anaongeza uzito. Kimya chake usikihesabu kuwa ni ridhaa: siku ya kwanza kazini nani atagombana?

Kama wewe ni admini unaweza kuufuta ujumbe kwa wote, ingawa itabaki alama kwamba admini amefuta. Iache ionekane. Baada ya hapo andika jambo la kazi linalomhusu yeye, kwa mfano mteja gani atamshughulikia, ili mazungumzo yarudi alikostahili kuanzia. Usiandike "tuheshimu dada zetu" huku jina lake likiwa limetajwa mistari miwili juu. Utamfanya yeye ndiye mada. Kijana mwite pembeni siku hiyo hiyo, umwambie neno lililokosewa ni lipi.

Binti naye muulize, ana kwa ana na si kwa ujumbe, kama kuna yeyote aliyemwandikia pembeni. Namba imeshatoka grupuni, na hapo ndipo mambo huhamia saa tatu usiku: "Mambo, ni mimi wa idara ya mauzo, umefika salama?" Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ni taarifa binafsi. Iliingia humo kwa ajili ya kazi. Akikuonesha ujumbe wa namna hiyo, jambo limetoka kwenye adabu ya grupu, limekuwa la nidhamu, na lifuate njia ya nidhamu ya ofisi yako.

Mzee mmoja aliniandikia "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe". Nimeudhika, nimekosea? (Mgeni, Tanga)

Hujakosea, ila naye huenda alikuwa anakufungulia mlango. Methali hii akiisema mtu uliyemzoea ni utani; ikisomwa kwenye kioo cha simu bila uso wala sauti, inaonekana kama karipio. Mjibu kwa lugha yake: "Jembe nimekuja nalo, mzee. Nioneshe shamba tu." Akicheka, umepata rafiki. Asipocheka, umejua mapema.

Aliyekuwepo kabla ya mgeni aliachishwa kazi, na bado yumo kwenye grupu. (Katibu, Nakuru)

Mtoe kabla hujamwingiza mgeni, na umpigie simu kwanza umwambie. Ilipaswa kufanyika siku yake ya mwisho kazini. Nilishuhudia makaribisho yakiandikwa "Hatimaye tumepata mtu wa kazi", na aliyeondoka akiyasoma matatuni akirudi nyumbani. Alijibu humo humo. Mgeni alikaa wiki nzima akiulizwa na watu nini kilitokea, yeye ambaye hakuwepo.

Tuweke picha yake? (Msaidizi wa ofisi, Arusha)

Akikupa mwenyewe, ndiyo. Ile ya pasipoti iliyobandikwa kwenye barua ya maombi, hapana.